Amplifaya ya logi yenye daiodi kwenye mrejesho: nimepata majibu matatu tofauti, lipi ni lipi?

Nyuzi27
Wakuu, naomba msaada kabla sijatupa daftari. Nina swali hili: opampu, rezista ya kuingilia ni kiloohmu 20, kwenye mrejesho kuna daiodi moja (anodi iko kwenye mguu wa kugeuza, kathodi iko kwenye towe). Volti ya kuingia ni 2, mkondo wa mshibo wa daiodi ni 1e-13 A, halijoto ni kelvini 300. Tafuta volti ya kutoka.

Mimi nimepiga hivi:

```
Vout = -0.02585 * ln(2 / 1e-13) = -0.79 V
```

Jibu la nyuma ya karatasi linasema -0.536 V. Nikasema karatasi imekosewa, ngoja niiunge. Nimetumia TL072, saplai ya +12 na -12, daiodi ni 1N4148, rezista nimeipima ni kiloohmu 20 kamili. Multimita inasoma -0.486 V. Sasa nina namba tatu na hakuna hata mbili zinazopatana. Tatizo ni mimi, karatasi au daiodi?

Mpitanjia
Daiodi haijasoma karatasi yako, mkuu. Endelea, nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

MzeeWaSkopu
Karatasi iko sawa. Wewe umekosea mahali pamoja tu, na daiodi nayo iko sawa kwa namna yake. Tuanze na kosa lako.

Tazama ulichoweka ndani ya logi: volti 2 umezigawa kwa ampea. Volti kwa ampea ni ohmu. Logi haichukui ohmu wala volti wala kilo, inachukua namba tupu. Ukiona kipimo chochote kimebaki ndani ya mabano ya logi, rudi nyuma, kuna kitu umekisahau. Hapa umesahau rezista.

Fuata mkondo wenyewe badala ya kukariri fomula. Mguu wa kugeuza opampu inaushikilia kwenye sifuri, kwa hiyo volti 2 zote ziko juu ya rezista. Mkondo ni 2 kugawa 20,000, yaani mikroampea 100. Opampu hainywi mkondo, basi mikroampea 100 zote hazina njia isipokuwa kupita kwenye daiodi. Swali linabaki moja tu: daiodi hii inahitaji volti ngapi ili ipitishe mikroampea 100? Hiyo ndiyo volti ya towe, ikiwa na alama hasi kwa sababu anodi iko kwenye sifuri na kathodi lazima iwe chini yake.

```
I    = 2 / 20000 = 1e-4 A
Vout = -0.02585 * ln(1e-4 / 1e-13)
     = -0.02585 * 20.72 = -0.536 V
```

Hilo la karatasi limeisha.

Nyuzi27
Ahaa. Kumbe nilikuwa nachukua logi ya ohmu, aibu hii. Asante mzee. Lakini sasa -0.486 inatoka wapi? Tofauti ni milivolti 50, multimita yangu haikosei kiasi hicho.

Datashiti_Kwanza
Ni rahisi. 1e-13 ni namba ya mtunzi wa swali, siyo ya 1N4148. Ukitaka namba ya kweli fungua datashiti: mkondo wa kinyume ni nanoampea 25 kwa volti 20, nyuzi 25. Hiyo ndiyo Is yako. Iweke kwenye fomula, umemaliza.

BintiRezista
Umeiweka mwenyewe kabla ya kuandika? Mimi nimeiweka: 0.02585 mara logi ya 4,000 inatoa 0.214 V. Yeye amepima 0.486. Umemsogeza mbali zaidi kuliko alivyokuwa na namba ya mtunzi wa swali.

Datashiti_Kwanza
Kwa sababu umesahau kizidishi n. Daiodi za silikoni za namna hii hazina n ya 1. Weka 2, utapata 0.429. Imekaribia.

MzeeWaSkopu
Datashiti_Kwanza, kwenye n uko sahihi na nilikuwa naelekea huko huko. Kwenye Is hapana. Kukaribia milivolti 57 kwenye saketi hii siyo kukaribia, nitaeleza kwa nini muda si mrefu.

Ile nanoampea 25 ina matatizo mawili. Kwanza ni kikomo cha juu ambacho mtengenezaji anaapa hakitavukwa, siyo thamani ya daiodi iliyoko mkononi. Pili, hata ukipima mwenyewe mkondo unaovuja kinyume kwa volti 20, unachopima ni mchanganyiko: mkondo unaozaliwa ndani ya tabaka lililokauka chaji, na unaotambaa juu ya uso wa kipande cha silikoni. Is ya kwenye fomula siyo hiyo. Is ni mahali ambapo mstari wa mbele wa daiodi, ukiuchora kwa logi ya mkondo dhidi ya volti, ungegonga volti sifuri kama ungeurefusha kwa rula. Haipimwi moja kwa moja, inapatikana kwa kurefusha mstari.

Kwa hiyo Nyuzi27, usiitafute Is kwenye datashiti. Ipime. Acha kila kitu kama kilivyo, shusha volti ya kuingia mara kumi, mara kumi tena, mara kumi tena. Yaani 2 V, 0.2 V, 20 mV, 2 mV. Andika towe kila mara. Halafu rudi.

Kipaza_Cha_Chumbani
Samahani kuingilia, na mimi nina saketi hii hii. Nataka kubana sauti ya gitaa, sehemu za chini zipande na za juu zishuke, nikasikia logi ndiyo dawa. Nimeunga daiodi moja kama hapo juu, nikaingiza gitaa, kinachotoka ni mlio wa kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Je, nibadilishe daiodi au niweke Is kubwa zaidi?

BintiRezista
Yako siyo Is hata kidogo. Sauti inapanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Inapokuwa chanya daiodi inapitisha na saketi inafanya kazi. Inapokuwa hasi mkondo unataka kupita kinyume, daiodi inafunga, mrejesho unakatika, na opampu bila mrejesho inaruka hadi ukingo wa saplai, kama volti +10 na ushee. Kila mzunguko wa wimbi unaruka hivyo mara moja. Huo ndio mkwaruzo.

Kipaza_Cha_Chumbani
Basi nikiweka daiodi mbili, moja imegeuzwa?

BintiRezista
Haitaruka tena, hilo kweli. Lakini karibu na sifuri haitakuwa logi, itakuwa mstari ulionyooka wenye ukuzaji mkubwa ajabu, kwa sababu daiodi zote mbili zimelala na upinzani wao ni megaohmu kadhaa dhidi ya rezista yako ya kiloohmu. Gitaa likinyamaza utasikia kuvuma na kuzomea kwa kila kitu kilichomo chumbani. Na hata likipiga, itakuwa inapinda wimbi lenyewe, siyo kupunguza sauti. Fungua uzi wako, unachotafuta ni kibanio kinachofuata ukubwa wa sauti, ni saketi nyingine.

Nyuzi27
Nimerudi. Nimetumia kigawanyo cha volti chenye rezista ndogo ili kisiyumbe, na nimepima ingizo kila mara:

2 V: towe -0.486
0.2 V: towe -0.379
20 mV: towe -0.266
2 mV: towe +10.6 !!!

Hiyo ya mwisho nimerudia mara tano. Siyo hasi, ni CHANYA kumi nukta sita. Nikipandisha ingizo taratibu, kwenye milivolti 3 hivi inaanguka ghafla na kurudi hasi. Nadhani nimeunguza chip.

MzeeWaSkopu
Hujaunguza chochote. Umenipa vipimo vizuri kuliko nilivyotegemea, na kile cha mwisho ndicho kitamu zaidi. Lakini tukiache kidogo.

Vya kwanza viwili. Mkondo umepungua mara kumi, towe limesogea kutoka 486 hadi 379, yaani milivolti 107. Kama daiodi ingekuwa na n ya 1, kila mara kumi ingekuwa hatua ya milivolti 59 chumbani kwenye nyuzi 25. Gawanya 107 kwa 59.2, unapata n ya 1.81. Datashiti_Kwanza asherehekee hapo.

Sasa ukiwa na n, rudi kwenye kipimo kimoja utoe Is:

```
n*Vt = 1.81 * 0.0257 = 0.0465 V
Is   = 1e-4 / exp(0.486 / 0.0465) = 2.9e-9 A
```

Nanoampea 2.9. Linganisha na 1e-13 ya karatasi: ni kubwa mara 29,000. Ukiziweka n na Is hizi pamoja unapata -0.486, kwa kuwa ndiko zilikotoka. Uthibitisho wa kweli ni kipimo cha tatu.

BintiRezista
Naongezea kitu. Modeli ya 1N4148 iliyomo kwenye simuleta ninayotumia ni hii:

```
.model 1N4148 D(Is=2.52n Rs=.568 N=1.752 ...)
```

Kwa mikroampea 100 kwenye nyuzi 27 inanipa -0.480. Ya kwake -0.486. Kwa daiodi mbili ambazo hazijawahi kuonana, sioni kosa.

Datashiti_Kwanza
Kwa hiyo Is ya 1N4148 ni 2.52 au 2.9? Kitu kimoja hakiwezi kuwa na thamani mbili.

MzeeWaSkopu
Hapo ndipo watu wengi wanakwama, ngoja niende polepole.

Is peke yake haina maana. Inaishi na n yake kama ndoa. Chukua kipimo kile kile cha 0.486, lakini sema n ni 1.75 badala ya 1.81. Is inatoka nanoampea 2.0. Hujagusa saketi, hujabadilisha daiodi, umepunguza n kwa asilimia tatu tu na Is imeporomoka kwa asilimia thelathini. Sababu ni kwamba unarefusha mstari kwa mbali sana, kutoka mikroampea mia hadi nanoampea, na mteremko ukiyumba kidogo huku, kule mwisho umeyumba sana. Kwa hiyo ukichukua n ya mtu mmoja na Is ya mwingine, unaoa mke wa jirani. Na ukichukua Is ya daiodi halisi ukaitumia na n ya 1, kama vitabu vingi vinavyokuzoesha, unapata ile 0.2 na ushee ya BintiRezista.

Ndiyo maana nikasema milivolti 57 siyo karibu. Kwenye daiodi ya Nyuzi27 milivolti 107 ni mara kumi nzima. Kukosea 57 ni kusema ingizo ni volti 0.6 wakati ni 2.

Nyuzi27
Nimeelewa hadi hapo. Kwa hiyo cha tatu kingepaswa kuwa -0.272, hatua nyingine ya 107. Mimi nimepata -0.266, hatua ya 113. Milivolti 6 zimetoka wapi?

MzeeWaSkopu
Kabla sijajibu, fanya kipimo kimoja. Weka ingizo la 20 mV. Ncha nyekundu ya multimita iweke kwenye mguu wa kugeuza wenyewe, mguu namba 2, ncha nyeusi kwenye adhi. Skeli ya milivolti. Niambie unasoma nini.

Nyuzi27
2.8 mV. Nilitegemea sifuri.

MzeeWaSkopu
Nilidhani ingekuwa karibu na hapo. Hiyo ni ofseti ya chip yako. Kwa TL072 milivolti 3 ni jambo la kawaida kabisa, siyo mbovu.

Sasa hesabu upya. Sifuri yako siyo sifuri, ni 2.8. Kwa hiyo juu ya rezista hazipo milivolti 20, zipo 17.2, na mkondo ni mikroampea 0.86 badala ya 1. Mkondo ukipungua hadi asilimia 86, towe linapungua kwa 107 mara logi ya kumi ya 0.86, yaani milivolti 7. Wewe umeona 6, kwa sababu kipimo cha 0.2 V nacho kilikuwa kimeibiwa karibu nusu milivolti na ushee kwa kosa lile lile. Hesabu imefunga.

Na kipimo cha mwisho sasa kinajieleza. Umeingiza milivolti 2 kwenye saketi inayotaka kuushikilia mguu wake kwenye 2.8. Mkondo unatakiwa utoke kwenye mguu kwenda kwenye ingizo, kinyume. Daiodi haiupitishi. Mrejesho umekatika, opampu imekimbilia juu, +10.6. Ni ugonjwa ule ule wa gitaa, ila kwako umeletwa na milivolti 0.8 tu. Na ndiyo maana inaanguka ukifika milivolti 3.

Mpitanjia
Hii ya 2 na 2.8 imenipa raha kuliko mechi.

Nyuzi27
Kwa hiyo saketi hii mwisho wake ni milivolti chache? Nilisoma kwamba inafika madaraja matano, sita ya kumi.

BintiRezista
Inafika, ila siyo kwa kushusha volti. Daiodi haijui volti yako ya kuingia, inajua mkondo tu. Ukitaka nanoampea 100, usiingize milivolti 2 kupitia kiloohmu 20. Ingiza volti 2 kupitia megaohmu 20. Mkondo ni ule ule, lakini ofseti ya 2.8 mV mbele ya volti 2 ni sawa na kushindana na tembo.

Ndiyo maana saketi hizi zinapendana na vitu vinavyotoa mkondo vyenyewe, kama daiodi ya kupokea mwanga. Hapo hakuna rezista ya kuingilia kabisa na ofseti haina pa kushika.

Kitu kimoja tu: hapo mlango wa pili wa makosa unafunguka, mkondo unaonywewa na mguu wa opampu. TL072 ni wa pikoampea, hutaona kitu. Ungekuwa na LM741, ambayo kwa kawaida inakunywa nanoampea 80, ungetuma mia na daiodi ingepata ishirini.

Datashiti_Kwanza
Sawa, nakubali la Is. Lakini kwa matumizi, nikishapima n na Is za daiodi yangu si basi? Naziandika kwenye programu, nageuza towe kuwa ingizo, kazi imeisha.

MzeeWaSkopu
Nyuzi27, rudisha 2 V na kiloohmu 20. Bana daiodi kwa vidole viwili, hesabu hadi thelathini, soma. Shika kioo chake, usiguse waya.

Nyuzi27
Imetoka -0.486 ikaganda kwenye -0.469. Nikiachia inarudi polepole.

MzeeWaSkopu
Milivolti 17, kwa vidole tu. Gawanya kwa 107, pandisha kumi kwa hasi ya jibu hilo, unapata 0.69. Yaani programu ya Datashiti_Kwanza ingeapa kwamba ingizo limeshuka kutoka volti 2 hadi 1.39. Hakuna aliyegusa ingizo.

Daiodi kwa mkondo usiobadilika inapoteza karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Sehemu kubwa ya hizo ni Is yenyewe, ambayo inapanda kwa kasi sana joto likipanda. Kwa mteremko wa 107, kila nyuzi moja ni kosa la asilimia nne na nusu kwenye ingizo. Kwa hiyo ukiniambia Is ya daiodi, nami nitakuuliza: ya saa ngapi?

Dawa ya zamani ni kutoitumia Is kabisa. Unaunga saketi ya pili inayofanana, unaipa mkondo unaoujua, halafu unatoa towe moja kwenye jingine. Is zikiwa sawa zinafutana na kinabaki uwiano wa mikondo miwili. Inabaki Vt, ambayo inapanda kwa theluthi ya asilimia kwa nyuzi, na hiyo inavumilika au inasawazishwa na rezista inayofuata joto.

Datashiti_Kwanza
Kwa hiyo nichukue 1N4148 mbili kutoka kwenye ukanda mmoja, nizifunge pamoja kwa uzi ziwe na joto moja?

MzeeWaSkopu
Kwa majaribio ya mezani inatosha. Tofauti yao ya milivolti chache utaisawazisha mara moja na itatulia.

BintiRezista
Mimi siikubali hiyo, kwa heshima zote mzee. Mbili za ukanda mmoja zinaweza kutofautiana n pia, siyo Is peke yake, na tofauti ya n huisawazishi kwa skrubu moja, inabadilika kila mkondo ukibadilika. Bora transista mbili zilizozaliwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Kolekta kwenye mguu wa kugeuza, besi kwenye adhi, emita kwenye towe. n yake ni 1 karibu kabisa, hatua ni milivolti 60, na inanyooka kwa madaraja mengi kuliko daiodi yoyote.

MzeeWaSkopu
Na inatetemeka kama hukuweka kapasita, kwa sababu transista inaongeza ukuzaji ndani ya mrejesho. Nimeona vijana wengi wakilaani chip kumbe saketi inapiga wimbi la megahezi na multimita inaonyesha wastani tu. Lakini kwa usahihi, uko sawa, transista ni bora. Nilikuwa nazungumzia alicho nacho mezani.

BintiRezista
Alicho nacho mezani ndicho kitakachompotosha. Basi tuache, tutabishana siku nyingine.

Nyuzi27
Nimetafuta rezista, nimepata mbili za megaohmu 10, nimeziunga mfululizo. Ingizo 2 V, mkondo nanoampea 100. Kabla ya kupima nilihesabu kwa n ya 1.81: kutoka -0.486, hatua tatu za 107, natarajia -0.165.

Imesoma -0.176. Tena inachezacheza kwenye tarakimu ya mwisho.

MzeeWaSkopu
Kwanza ongeza kilichosahaulika: fomula kamili ina ile hasi moja ndani yake, mkondo ni Is mara kipeo kutoa moja. Kwa mikroampea haionekani. Kwa nanoampea 100 dhidi ya 2.9, ni asilimia tatu, milivolti 1.3. Kwa hiyo tarajia -0.166 au zaidi kidogo, siyo -0.165.

Pili, taa iko wapi?

Nyuzi27
Taa? Taa ya mezani, iko juu ya bredibodi, sentimita 30 hivi.

MzeeWaSkopu
1N4148 ni ya kioo. Mwanga unaingia hadi kwenye silikoni na unazalisha mkondo wa kinyume, kama kipande kidogo cha sola. Kwa mikroampea 100 huoni kitu, kwa nanoampea 100 ni mgeni mkubwa. Opampu inalazimika kuongeza volti ili nanoampea 100 zipite bado, ndiyo maana namba yako ni kubwa kuliko hesabu. Funika daiodi kwa utepe mweusi.

Nyuzi27
Nimefunika. -0.170. Na kuchezacheza kumeisha! Nilikuwa naimulika saketi mwenyewe.

Zimebaki milivolti 3 au 4. Nisizihesabu?

BintiRezista
Megaohmu 10 zako ni za asilimia ngapi?

Nyuzi27
Pete ya dhahabu. Asilimia 5. Multimita yangu haifiki megaohmu 20, na kila moja peke yake inasoma "nje ya kipimo" au 9.6 kutegemea jinsi nilivyoishika.

BintiRezista
Usiishike kwa vidole, mwili wako nao ni rezista. Asilimia 5 ya mkondo ni milivolti 2 na kitu kwenye towe. Kama kweli ni 9.6, mkondo ni mkubwa kuliko unavyodhani na hiyo ni nusu ya deni lako.

MzeeWaSkopu
Mimi nadhani ni joto. Umekuwa ukivipima hivi tangu mchana, na chumba cha jioni si cha mchana. Nyuzi moja na nusu inatosha kukupa hizo milivolti 3.

Datashiti_Kwanza
Au bredibodi inavuja. Volti 2 kwenye tundu la jirani, plastiki yenye vumbi na jasho.

BintiRezista
Hilo la bredibodi nalo linawezekana, nimekupa alama leo. Ahamishe waya wa ingizo matundu matatu mbali na mguu namba 2 aone kama kuna kinachosogea.

Nyuzi27
Nimehamisha, haijasogea. Kesho mchana nitarudia kipimo cha 2 V na kiloohmu 20 kwanza, kikirudi -0.486 nitajua kama ni joto au siyo. Kipimajoto nitakiegesha kwenye daiodi, chini ya utepe.

Kipaza_Cha_Chumbani
Nimefungua uzi wangu. Lakini ile ya daiodi mbili nimeijaribu, inazomea kweli, ila gitaa linasikika kama la mwamba. Sitoi.